Barua ya Bima ya Kanisa: Mwongozo kwa Katibu wa Baraza Mwenye Salamu Nyingi

Barua huwa inasomeka hivi: "Bwana Yesu asifiwe. Baraza la wazee la usharika wetu, lililoketi mara baada ya ibada ya pili, limeazimia kwa kauli moja kuwaomba mtukatie bima ya kanisa letu pamoja na vitu vyake vyote, vikiwemo vyombo vya muziki. Tunaomba mtujulishe gharama zake. Mungu azidi kuwabariki katika utumishi wenu."

Mhuri upo. Sahihi tatu zipo: ya mwenyekiti, ya katibu na ya mtunza hazina. Afisa bima akiipokea anajua kwamba wazee walikaa, wakakubaliana na kufunga kwa sala. Asichokijua ni kama kanisa limeezekwa kwa bati au kwa makuti, lina ukubwa gani, kisheria ni mali ya nani, na hizo spika zinalala wapi usiku. Basi anajibu kwa mstari mmoja na kuambatanisha fomu ya kurasa nne. Fomu inatangazwa kanisani, anakabidhiwa mzee mmoja aijaze akipata nafasi, na nusu mwaka baadaye imo ndani ya Biblia ya mzee huyo, imekunjwa mara nne, ikimwekea alama kwenye Waraka kwa Warumi. Muda wote huo kanisa halina bima hata ya benchi moja.

Nimekaa upande wa meza ambako barua hizi zinapokelewa, na ninaziandikia mabaraza ya Tanzania mwongozo huu kwa moyo mmoja. Paa la kanisa likichukuliwa na upepo, wanaochangishwa upya ni wale wale waliolichangia mara ya kwanza, na wengi wao hawana cha kuchanga mara mbili. Kwa hiyo, ndugu katibu, salamu ziache mbili. Nafasi inayobaki tuijaze.

Kwanza, nani anaomba?

Wewe utasema ni baraza la wazee. Kampuni ya bima itauliza kama baraza la wazee ndilo lenye mali. Bima ya mali hukatwa na mtu ambaye mali hiyo ikiharibika yeye ndiye anayepata hasara, na huyo lazima awe mtu mbele ya sheria. Katika makanisa mengi ya Tanzania, kiwanja na jengo havishikwi na usharika wala parokia. Vinashikwa na wadhamini waliosajiliwa chini ya Sheria ya Muunganisho wa Wadhamini, Sura ya 318, ambao usajili wao uko RITA. Mara nyingi hao ni wadhamini wa dayosisi au wa jimbo zima, walioko mji mwingine kabisa.

Hivyo, kabla ya kushika kalamu, nenda kwenye kabati la ofisi, toa nakala ya hati ya kiwanja na usome jina lililoandikwa. Hilo ndilo jina la kuandika kwenye barua, na baada yake unaongeza "kwa ajili ya Usharika wa" fulani, ili ijulikane ni jengo lipi. Mkataba ukiandikwa kwa jina la Kwaya ya Vijana kwa sababu katibu wa kwaya ndiye aliyekwenda mjini siku ile, siku ya fidia hundi itaandikwa kwa jina ambalo halina jengo, na mazungumzo yatakuwa marefu.

Uliza pia dayosisini kama wadhamini hawajalikatia bima jengo hilo hilo. Kuna dayosisi zinazokata bima moja kwa majengo yote, na usharika usijue. Kuwa na bima mbili juu ya paa moja hakuleti mapaa mawili. Kampuni mbili zitagawana fidia ya hasara ile ile, na ninyi mtakuwa mmelipa ada mara mbili.

Pili, kanisa ni la shilingi ngapi?

Hapa ndipo mabaraza yanapoumia zaidi, na yanaumia kwa sababu ya uaminifu wao. Katibu anafungua daftari la ujenzi. Linaonyesha kila shilingi iliyotumika tangu msingi ulipochimbwa: saruji, nondo, mabati, posho ya fundi. Anajumlisha, anapata shilingi 160,000,000, na hiyo ndiyo anayoiandika kwenye barua. Kila senti ina risiti, na hakuna mkaguzi wa dayosisi atakayemlaumu.

Lakini daftari halina mchanga ulioletwa bure na lori la mwumini. Halina matofali yaliyofyatuliwa na jumuiya za mitaa Jumamosi kwa Jumamosi. Halina siku za kina mama waliosomba maji, wala za fundi umeme aliyetandaza nyaya kama sadaka yake. Isitoshe, saruji ile ilinunuliwa miaka mingi iliyopita kwa bei ambayo leo haipo dukani. Kanisa likiungua, atakayelijenga upya ni mkandarasi, naye atatoza mchanga, tofali, maji, nyaya, usimamizi, kodi na faida yake, baada ya kwanza kulipwa kuondoa kifusi.

Kiasi cha kuandika kwenye barua ni gharama ya kulijenga upya leo jengo kama hilo, papo hapo lilipo. Bei ya kiwanja haimo, kwa sababu kiwanja hakiungui. Bei ambayo mtu angelinunulia kanisa nayo haimo; hakuna anayelinunua. Wa kuwapa hesabu hiyo ni mkadiriaji majenzi au mthamini aliyesajiliwa, na ukitazama vizuri orodha ya washarika unaweza kumkuta ameketi benchi la tatu. Anahitaji urefu, upana, kimo cha kuta, aina ya paa na dari, na mambo mazito kama mnara.

Tuchukue mfano. Kanisa lina urefu wa mita 25 na upana wa mita 16, yaani mita za mraba 400. Mkadiriaji anasema kwa aina hiyo ya jengo, mahali pale, kila mita ya mraba itagharimu shilingi 800,000 pamoja na kifusi na ada za wataalamu. Jumla ni shilingi 320,000,000. Daftari lilisema 160,000,000. Baraza, kwa nia njema ya kubana matumizi, linakata bima ya 160,000,000.

Masika yanaingia na upepo unaezua upande mzima wa paa. Kulirudisha kutagharimu 48,000,000. Wazee wanatulia: tuna bima ya milioni 160, hasara ni milioni 48, itatosha na kubaki. Kisha anafika mkadiria hasara aliyetumwa na kampuni, anapima jengo kwa futi yake, na anauliza lingegharimu kiasi gani kulijenga lote. Akipata milioni 320, anatumia kanuni ya uwiano iliyomo kwenye karibu kila mkataba wa bima ya mali: mmeikatia bima nusu ya thamani, basi nusu nyingine ya kila hasara mnaibeba wenyewe. Fidia inakuwa 24,000,000. Humo linakatwa fungu la kwanza la hasara ambalo mwenye bima hujibebea, na mkataba ukisema ni 2,000,000, mnapokea 22,000,000. Milioni 26 zilizobaki zinarudi kwenye bahasha za Jumapili.

Na kilichookolewa kwa kuandika nusu ni nini? Tukikadiria kwa mfano ada ya shilingi 2 kwa kila shilingi 1,000 za thamani, bima ya milioni 160 ingegharimu 320,000 kwa mwaka kabla ya VAT, na ya milioni 320 ingegharimu 640,000. Kwa ajili ya 320,000 baraza limepoteza milioni 24. Naomba mfano huu usomwe kwenye kikao kabla mtunza hazina hajasema neno "tupunguze".

Kuandika thamani kubwa kupita kiasi nako hakusaidii. Ukikata bima ya milioni 600 kwa jengo la 320, likiungua lote utalipwa gharama ya kulijenga, na ada ya ziada itakuwa imekwenda bure.

Tatu, benchi na viti

Samani hazisumbui sana. Zihesabiwe, zipewe bei ya kununua mpya leo, na ziandikwe kwa makundi: mabenchi, viti vya plastiki, madhabahu na mimbari, meza na makabati ya ofisi. Kinachosahaulika ni vile vilivyochongwa kwa mkono. Mimbari ya mninga iliyochongwa na fundi mwenye ujuzi haipatikani kwa bei ya meza ya kawaida, kwa hiyo ipige picha, itajie bei yake peke yake, na umwombe fundi seremala akuandikie makadirio. Mavazi ya ibada, vyombo vya meza ya Bwana na mapazia navyo vinaungua. Vitajwe.

Nne, vyombo

Sasa tufike kwenye miksa. Baraza husema "kanisa na vitu vyake vyote", likiamini kwamba miksa ikiwa ndani ya kanisa basi imeingia kwenye bima ya kanisa. Imeingia, lakini kwa mlango mwembamba sana. Bima ya msingi ya jengo ni bima ya moto. Hiyo hulipa moto, radi, na kwa kawaida mlipuko wa mtungi wa gesi ya nyumbani. Dhoruba, mafuriko, tetemeko la ardhi, ghasia na gari kugonga ukuta ni hatari za nyongeza; zinaingia pale mnapoziomba na zikaandikwa. Waumini wa Bukoba hawahitaji kueleweshwa kuhusu tetemeko: tarehe 10 Septemba 2016 ardhi ya Kagera ilitikisika kwa kipimo cha 5.9 na kuta nyingi zikapasuka. Mtu mwenye bima ya moto mtupu angeutazama ufa ule bila cha kudai.

Ajali zinazoua vyombo vya muziki, hata hivyo, mara nyingi si moto wala tetemeko. Ziko tatu, na kila moja inataka kutajwa.

Ya kwanza ni umeme wenyewe. Umeme unakatika katikati ya wimbo, unarudi kwa nguvu kuliko kawaida, amplifaya inatoa harufu na kunyamaza. Mkataba wa bima ya moto kwa kawaida unasema wazi kwamba kifaa cha umeme kilichoharibiwa na umeme wake wenyewe, kwa kuzidiwa au kwa shoti, hakilipwi. Moto ukitoka hapo ukashika pazia na dari, pazia na dari vitalipwa, ila amplifaya iliyoanzisha haimo. Anayetaka amplifaya yake ilindwe aombe bima ya vifaa vya elektroniki, ambayo imetengenezwa kwa ajili hiyo. Kampuni itauliza kama kuna stabilaiza na waya wa ardhini. Ukijibu "vipo", viwepo kweli, maana mkadiria hasara ataomba kuvigusa.

Ya pili ni wizi. Bima ya wizi ya majengo inalipa wizi wa kuvunja: mtu ameingia au ametoka kwa nguvu, na alama zinaonekana, kitasa kimekatwa, nondo ya dirisha imepinda. Sasa tazama funguo za kanisa. Mchungaji anao, mwinjilisti anao, mlinzi anao, kiongozi wa kwaya kuu anao, wa kwaya ya vijana anao, na mwalimu wa kinanda alichongesha wake kwa sababu alichoka kusubiri. Jumatatu asubuhi miksa haipo, mlango umefungwa vizuri, hakuna hata mkwaruzo. Huo ni wizi, polisi watauandika kuwa ni wizi, na bima ya wizi wa kuvunja haitaulipa. Vivyo hivyo aliyeiba akiwa ni mtumishi wa kanisa lenyewe. Punguzeni funguo, ziandikwe kwenye daftari kwa sahihi, na vyombo vidogo vifungiwe kwenye chumba chenye mlango wa chuma. Hilo liandikwe kwenye barua, kwa sababu kampuni hulipima inapopanga ada.

Ya tatu ni safari. Spika za kanisa ni watu wa kutembea. Leo ziko kwenye mkutano wa injili uwanja wa mpira, kesho kwenye mazishi kijiji cha pili, Jumamosi kwenye harusi ya binti wa mzee. Zinasafiri nyuma ya pikapu, juu yake wamekaa vijana sita, na mvua inakuja. Bima ya vitu vilivyomo ndani ya jengo inavilinda vikiwa ndani ya jengo lililotajwa, na vikivuka geti ulinzi unabaki getini. Kwa vitu vinavyotembea kuna bima ya hatari zote, ambayo hulipa ajali na upotevu mahali popote ndani ya mipaka inayoandikwa, tuseme Tanzania Bara yote. Nayo ina masharti yake. Kuchakaa hailipi, kuharibika kwa ndani kwa sababu ya uzee hailipi, na kifaa kilichoachwa kwenye gari lisilo na mtu mara nyingi hailipi, au hulipa pale tu gari lilipokuwa limefungwa na likavunjwa. Pikapu isiyo na turubai haifungiki.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu vyombo, nalo linahitaji ujasiri wa kichungaji: mwenye navyo ni nani? Kinanda kilinunuliwa na kwaya kwa mauzo ya kanda zao. Gitaa la besi ni la kijana mwenyewe, halilali kanisani ila siku za wiki ya uamsho. Spika mbili ni za fundi sauti, anazikodisha. Vikiandikwa vyote kuwa ni mali ya kanisa, siku ya hasara mwenye kinanda atajitokeza na risiti yake, kampuni itauliza kwa nini, na imani kati ya pande mbili itapungua wakati mbaya. Vya kwaya vinaweza kuingizwa kwa kuandika kwamba ni mali iliyo chini ya uangalizi wa kanisa. Vya kukodi visiingizwe. Mwenyewe avikatie bima.

Orodha ya vyombo iwe na vitu vinne kwa kila kimoja: jina na aina, namba ya mashine iliyobandikwa nyuma au chini, bei mpya ya leo, na mahali kinapolala. Namba ya mashine ndiyo itakayowasaidia polisi kukitambua kwenye duka la vitu vya mitumba. Bei ichukuliwe kwa hati ya makadirio ya duka, na kanuni ya uwiano inatumika hapa pia: spika ya milioni 1.6 ikiandikwa laki 8, fidia yake itakatwa nusu.

Tano, msiyotaka kuyasema

Bima inasimama juu ya ukweli wa anayeomba. Kampuni haijawahi kuliona kanisa lenu, inategemea mliyoandika, na ikigundua baadaye kwamba jambo kubwa lilifichwa ina haki ya kukataa kulipa. Kwa hiyo andikeni kwamba siku za kazi ukumbi unatumika kama shule ya awali. Andikeni kwamba jiko la kuni la sherehe liko mita tano kutoka ukuta wa nyuma. Mishumaa ya mkesha wa Krismasi, nyaya zilizoungwaungwa juu ya dari, mwaka ule wezi walipopitia dirishani: yote yaandikwe. Mambo haya hayaifanyi kampuni iwakimbie. Yanaifanya iongeze ada kidogo au iwape sharti, kwa mfano jiko lisogezwe. Sharti hilo likishaandikwa kwenye mkataba, litekelezeni wiki hiyo hiyo.

Sita, barua yenyewe

Hii hapa, kwa kanisa letu la mfano. Ibadilishwe tarakimu na majina.

*Meneja wa Tawi,*
*(jina la kampuni ya bima).*

*YAH: MAOMBI YA BEI YA BIMA YA JENGO LA KANISA, SAMANI NA VYOMBO VYA SAUTI*

*Bwana Yesu asifiwe. Tunawasalimu.*

*Tunaomba bei ya bima ya mwaka mmoja. Mkata bima atakuwa Wadhamini Waliosajiliwa wa Dayosisi ya (jina), kwa ajili ya Usharika wa (jina). Nakala ya hati ya kiwanja, cheti cha wadhamini na barua ya dayosisi ya kuturuhusu kukata bima zimeambatanishwa. Jengo hili halina bima nyingine.*

*Jengo: kanisa lenye mita 25 kwa 16, kuta za tofali za saruji, paa la bati juu ya kenchi za mbao, dari ya jipsamu, sakafu ya vigae. Lilikamilika miaka tisa iliyopita. Gharama ya kulijenga upya, kwa makadirio ya mkadiriaji majenzi yaliyoambatanishwa, ni shilingi 320,000,000.*

*Samani: mabenchi 60, viti vya plastiki 200, madhabahu na mimbari, samani za ofisi. Jumla shilingi 24,000,000, orodha imeambatanishwa.*

*Vyombo vya sauti: miksa ya chaneli 16, shilingi 2,800,000; spika 4, shilingi 6,400,000; spika za besi 2, shilingi 4,400,000; maiki 4 zisizo na waya, shilingi 1,800,000; kinanda cha kwaya, kilicho chini ya uangalizi wetu, shilingi 3,500,000; nyaya na stendi, shilingi 1,100,000. Jumla shilingi 20,000,000. Namba za mashine, picha na hati ya bei ya duka zimeambatanishwa. Miksa, maiki na kinanda hulala kwenye chumba chenye mlango wa chuma. Spika 2 na maiki hutolewa nje kwa mikutano na mazishi, takriban mara mbili kwa mwezi, ndani ya mkoa.*

*Tunaomba ulinzi ufuatao: kwa jengo na samani, moto na radi pamoja na dhoruba, mafuriko, tetemeko, ghasia na kugongwa na gari; kwa samani na vyombo, wizi wa kuvunja; kwa vyombo vyote, bima ya vifaa vya elektroniki ikijumuisha madhara ya umeme; kwa vile vinavyotoka nje, bima ya hatari zote ndani ya Tanzania Bara. Tunaomba pia bei ya bima ya dhima kwa umma, endapo muumini au mgeni ataumia ndani ya eneo letu.*

*Mnayopaswa kufahamu: ukumbi hutumika kama shule ya awali Jumatatu hadi Ijumaa. Jiko la kuni liko mita tano kutoka ukuta wa nyuma. Mishumaa huwashwa mkesha wa Krismasi. Kuna mlinzi mmoja wa usiku, stabilaiza na mitungi miwili ya kuzimia moto. Miaka minne iliyopita maiki mbili ziliibwa kwa kuvunja dirisha, nondo ziliongezwa.*

*Tafadhali mtueleze kwa maandishi: fungu la hasara tutakalojibebea kwa kila aina ya bima, kama vyombo vitalipwa kwa bei ya kipya au kwa bei iliyopunguzwa uchakavu, masharti tunayotakiwa kutimiza kabla bima haijaanza, na jumla ya ada pamoja na VAT.*

*Mkaguzi wenu anakaribishwa siku yoyote isipokuwa Jumapili asubuhi.*

Barua hiyo inaenea kurasa mbili. Afisa bima hatakuwa na haja ya kuuliza maswali kumi, na fomu yake ya kurasa nne mtaijaza kwa nusu saa mkiwa na barua mkononi. Pelekeni nakala kwa kampuni mbili au tatu, au kwa dalali wa bima aliyesajiliwa na TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, ambaye kazi yake ni kuwatafutia bei kwa niaba yenu. Mtu akija na bei nzuri kupita zote na hana leseni ya TIRA iliyo hai, mpeni chai na mumsindikize.

Bei zikirudi, msianzie chini kwenye jumla ya ada. Anzieni kwenye fungu mnalojibebea. Bei rahisi yenye fungu la shilingi 1,000,000 kwa kila hasara ya vyombo ina maana kwamba maiki mbili zikiibwa mtapata sifuri, na miksa ikiungua mtapata 1,800,000. Kisha linganisheni hatari mlizoomba na zilizoandikwa, moja baada ya nyingine. Tetemeko na umeme ndizo hudondoka kimya kimya njiani.

Na mkishachagua, lipeni. Tanzania bima ya mali haianzi kwa sababu kikao kimepitisha azimio, wala kwa sababu afisa bima ni muumini mwenzenu na ameahidi. Inaanza ada inapolipwa kwa kampuni na hati kutolewa. Lipeni kwenye akaunti ya kampuni, si kwenye simu ya mtu, na hati ikifika isomwe na watu wawili: jina la wadhamini, kipimo cha jengo, thamani, tarehe. Nakala yake pamoja na orodha ya vyombo na picha zikae dayosisini na kwenye simu ya katibu. Zisikae tu ndani ya kabati la ofisi, ambalo liko ndani ya jengo lile lile.

Kwaya ikinunua spika mpya mwezi wa nane, kampuni iandikiwe mwezi wa nane.